Pango la Mwaka, Ujira wa Siku Mbili: Kufunga Hesabu za Desemba

Wenye nyumba za biashara katika miji yetu mingi hawataki pango la mwezi mmoja mmoja. Wanataka la miezi sita, na eneo likiwa na wateja wanataka la mwaka mzima, tena kabla mpangaji hajaingiza hata meza. Kibarua yeye hali yake ni kinyume. Anaanza kazi Jumatatu, anatoka jasho wiki nzima, ndipo apokee chake Jumamosi jioni. Kwa hiyo ndani ya biashara moja fedha ya pango hutangulia, na fedha ya ujira hufuata nyuma.

Katikati ya mwaka jambo hilo halimsumbui mtu. Linasumbua siku ya kufunga hesabu, pale mwenye biashara anapouliza swali ambalo ndilo lililomfanya atunze vitabu: je, kipindi hiki nimepata faida au nimekula mtaji? Akijibiwa kwa kutazama fedha iliyotoka na iliyoingia peke yake, atapewa jibu la uongo, na kiasi cha uongo huo kinaweza kuzidi faida yenyewe.

Tuchukue bekari ndogo ya Morogoro mjini, mfano niliouunda kwa ajili ya makala haya. Ilifungua milango tarehe 1 Oktoba 2024. Siku hiyo hiyo mwenye bekari alilipa pango la miezi kumi na miwili, shilingi 6,000,000, yaani 500,000 kwa mwezi, hadi mwisho wa Septemba 2025. Ana wafanyakazi wanane. Kila mmoja analipwa 25,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, sikukuu ikiangukia humo au isiangukie. Ujira wa wote kwa siku moja ni 200,000, na kwa wiki ni 1,200,000, unaolipwa kila Jumamosi. Hesabu zinafungwa tarehe 31 Desemba.

Karani wa bekari hakuwa mvivu. Kila shilingi iliyotoka aliiandika. Kwa miezi ile mitatu vitabu vyake vilionesha mauzo ya 41,000,000. Unga, sukari, hamira, mafuta, umeme, usafirishaji na uchakavu wa tanuri vilikula 21,200,000, na unga uliobaki stoo alikwisha kuuondoa humo. Ujira uliolipwa ulikuwa 15,400,000. Pango, 6,000,000. Jumla ya matumizi ikawa 42,600,000, na hesabu ikasema bekari imepata hasara ya 1,600,000.

Mwenye bekari akiiamini karatasi hiyo anaweza kupunguza wafanyakazi, kupandisha bei ya mkate, au kufunga kabisa. Na hakuna namba hata moja humo ambayo karani ameibuni. Kosa liko kwenye tarehe.

Tuanze na pango. Zile 6,000,000 zilinunua haki ya kukaa kwenye jengo kwa miezi kumi na miwili. Kufikia 31 Desemba bekari ilikuwa imekaa miezi mitatu: Oktoba, Novemba na Desemba. Iliyotumika ni 1,500,000. Zile 4,500,000 zilizobaki ni haki ya kukaa miezi tisa ijayo, na haki hiyo ni mali ya bekari kama zilivyo magunia ya unga stoo. Hazijawa gharama bado. Zitakuwa gharama kidogo kidogo, 500,000 kila mwezi unapokatika.

Kwa hiyo mhasibu anaandika ingizo la marekebisho. Msomaji ambaye hajawahi kushika leja akumbuke kanuni moja tu: debiti huongeza mali na gharama, krediti huzipunguza, na kwa madeni ni kinyume, krediti ndiyo inayoongeza. Ingizo la pango ni hili:

Debiti: Pango lililolipwa kabla, 4,500,000
Krediti: Gharama ya pango, 4,500,000

Akaunti ya gharama, iliyokuwa na 6,000,000, inabaki na 1,500,000. Kwenye mizania inaonekana mali mpya ya 4,500,000.

Hapa pana mahali ambapo wanafunzi wengi, na makarani wa miaka mingi pia, hupotea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kuna njia mbili za kuandika malipo ya mwaka mzima siku yanapofanyika. Karani wetu aliyaandika yote kuwa gharama. Karani mwingine angeyaandika yote kuwa mali, kwenye akaunti ya pango lililolipwa kabla, na gharama ikabaki sifuri. Njia zote mbili zinakubalika, ila marekebisho yake hayafanani. Aliyeanza na gharama anaondoa kwenye gharama kile ambacho hakijatumika, 4,500,000. Aliyeanza na mali anaondoa kwenye mali kile kilichotumika, 1,500,000: debiti gharama ya pango, krediti pango lililolipwa kabla. Wote wawili wanafika mahali pamoja, gharama 1,500,000 na mali 4,500,000.

Matatizo huja pale mtu anapoandika malipo kwa njia ya kwanza halafu akarekebisha kwa njia ya pili, kwa sababu ndiyo aliyoikariri kitabuni. Chukulia karani wetu, ambaye tayari ana gharama ya 6,000,000, anaongeza debiti ya 1,500,000. Sasa pango la miezi mitatu limekuwa 7,500,000, kubwa kuliko mkataba wa mwaka mzima, na akaunti ya mali inasoma hasi 1,500,000. Mali iliyolipiwa kabla haiwezi kuwa hasi. Ukiiona imekuwa hasi kwenye urari wa hesabu, usiendelee na jambo lingine. Rudi uangalie siku ya malipo iliandikwa wapi. Ndiyo maana mimi hushauri kila ofisi ichague njia moja na kuishika mwaka hadi mwaka. Kwa bekari kama hii ningechagua kuanza na mali, kwa sababu karani akisahau marekebisho, walau akaunti ile inabaki mizaniani ikionekana na kuulizwa. Gharama iliyozidishwa hujificha katikati ya gharama nyingine.

Na si kila shilingi anayopewa mwenye nyumba ni pango. Akichukua pia dhamana ya kurudishwa siku mpangaji anapohama, fedha hiyo haigawanywi kwa miezi. Inakaa kwenye mizania kama fedha unayomdai, hadi siku ya kukabidhi funguo. Ukiichanganya na pango utapata gharama ya kila mwezi isiyokuwepo.

Bima hufuata mwendo ule ule wa pango, ila mara nyingi haianzi tarehe mosi. Bima ya gari la kusambazia mikate iliyoanza katikati ya mwezi ihesabiwe kwa siku: gawa malipo kwa siku 365, zidisha kwa siku zilizopita. Umeme wa LUKU nao hulipwa kabla, na uniti zilizomo kwenye mita usiku wa 31 Desemba ni mali. Je, uzirekebishe? Kwa duka la rejareja lenye taa mbili na friji, hapana. Kiasi ni kidogo mno kubadili uamuzi wa mtu yeyote, na kazi ya kukiandika ni kubwa kuliko faida yake. Kwa bekari yenye tanuri la umeme ambayo ilinunua uniti za wiki tatu tarehe 29 Desemba, soma mita na uandike. Kipimo ni kujiuliza kama mtu anayezitegemea hesabu angeamua tofauti kama angekijua kiasi hicho.

Sasa ujira. Malipo ya mwisho ya mwaka yalifanyika Jumamosi, tarehe 28 Desemba 2024. Jumapili walipumzika. Jumatatu tarehe 30 na Jumanne tarehe 31 wafanyakazi wote wanane walikuwepo, wakakanda, wakaoka, na mikate yao ikauzwa siku zile zile. Mauzo ya siku hizo mbili yamo ndani ya zile 41,000,000. Ujira wao haumo, kwa sababu utalipwa Jumamosi ya tarehe 4 Januari 2025. Kipindi kimevuna jasho la watu bila kulihesabu.

Siku mbili kwa 200,000 ni 400,000. Ingizo lake:

Debiti: Gharama ya ujira, 400,000
Krediti: Ujira unaodaiwa, 400,000

Gharama ya ujira inapanda kutoka 15,400,000 hadi 15,800,000, na mizania inaonesha deni la 400,000 kwa wafanyakazi. Kuna namna ya kulihakiki jambo hili bila kutegemea neno la karani. Kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Desemba ni siku 92. Toa Jumapili 13, zinabaki siku 79 za kazi. Zidisha kwa 200,000 upate 15,800,000. Namba zimekutana. Kama zisingekutana, ungejua kuna siku iliyoachwa au iliyohesabiwa mara mbili, na kitabu cha mahudhurio kingekuonesha ni ipi.

Watu wengi hudhani marekebisho haya ni ya vibarua tu. Ofisi inayolipa mishahara tarehe 25 kwa mwezi mzima haina deni la mshahara tarehe 31, hilo ni kweli. Lakini saa za ziada zilizofanywa kuanzia tarehe 26, ambazo zitaingia kwenye malipo ya Januari, ni gharama ya Desemba. Vivyo hivyo kamisheni ya muuzaji kwa mauzo ya wiki ya mwisho.

Na kuna kipande ambacho husahaulika hata pale ujira wenyewe unapokumbukwa. Mwajiri wa sekta binafsi anayechangia NSSF kwa mgawanyo wa kawaida hutoa asilimia 10 ya ujira kutoka mfukoni mwake, na mfanyakazi asilimia 10 nyingine. Sehemu ya mfanyakazi imo tayari ndani ya zile 400,000, itakatwa siku ya malipo. Sehemu ya mwajiri haimo. Kwa siku zile mbili ni 40,000, gharama nyingine na deni jingine la Desemba.

Tuiandike upya karatasi ya bekari. Mauzo ni yale yale 41,000,000. Matumizi ya uzalishaji ni yale yale 21,200,000. Pango ni 1,500,000, ujira 15,800,000, mchango wa mwajiri kwa siku mbili 40,000. Jumla ya matumizi ni 38,540,000. Faida ni 2,460,000. Biashara iliyoonekana kufa ina faida, na hakuna hata mkate mmoja wa ziada uliouzwa. Hakuna fedha iliyosogea pia. Fedha taslimu kwenye droo na benki ni ile ile iliyokuwepo kabla ya marekebisho. Hiyo ndiyo alama mojawapo ya ingizo la marekebisho lililo sahihi: haligusi akaunti ya fedha taslimu wala ya benki. Upande wake mmoja huwa kwenye hesabu ya faida na hasara, upande wa pili kwenye mizania. Ukikuta karani ameandika marekebisho ya 31 Desemba yenye akaunti ya benki ndani yake, amechanganya mambo mawili.

Bila shaka faida ile haimaanishi mwenye bekari ana 2,460,000 mkononi. Sehemu kubwa ya fedha yake imo ndani ya pango la miezi tisa ijayo, na mwenye nyumba hawezi kumrudishia akanunue unga. Hesabu zilizorekebishwa zinajibu swali la faida. Swali la kama kuna fedha ya kununulia unga kesho linajibiwa na taarifa ya mtiririko wa fedha, na mfanyabiashara mwenye busara husoma zote mbili.

Kwa upande wa sheria, kampuni haina hiari katika jambo hili. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004, vinataka gharama iandikwe katika kipindi ilipotokea. Sheria ya Kodi ya Mapato nayo inaitaka kampuni ihesabu mapato yake kwa msingi huo huo, wala si kwa fedha iliyopita mkononi. Mkaguzi wa kodi akiona pango la mwaka limekatwa lote kwenye mapato ya miezi mitatu, kitu cha kwanza atakachoomba ni mkataba wa pango, na tarehe zilizomo zitamjibu.

Lakini makosa mengi niyaonayo hayatokei Desemba. Yanatokea Januari, wakati kila mtu anaamini kazi imekwisha.

Jumamosi ya tarehe 4 Januari 2025 mwenye bekari analipa ujira wa wiki, 1,200,000, kama kawaida. Karani, kama kawaida, anaandika yote kuwa gharama ya ujira. Amekosea. Zile 400,000 za Jumatatu na Jumanne zimeshahesabiwa kuwa gharama ya mwaka uliopita. Kinachofanyika leo ni kulipa deni. Ingizo sahihi ni debiti ujira unaodaiwa 400,000, debiti gharama ya ujira 800,000, krediti fedha taslimu 1,200,000. Zile 800,000 ni siku nne, Jumatano hadi Jumamosi. Akiandika 1,200,000 yote kwenye gharama, siku mbili za jasho zitakuwa zimehesabiwa mara mbili, mara moja Desemba na mara moja Januari, na deni la 400,000 litabaki kwenye vitabu ilhali wafanyakazi walishalipwa na kuondoka.

Kosa hili lina dalili nzuri sana, ukijua pa kutazama. Fungua akaunti ya ujira unaodaiwa tarehe 31 Januari 2025, siku ya Ijumaa. Deni la kweli siku hiyo ni la Jumatatu hadi Ijumaa, siku tano, 1,000,000. Kama lile la Desemba halikufutwa, akaunti itasoma 1,400,000, yaani siku saba za kazi. Bekari inalipa kila Jumamosi na wiki yake ina siku sita. Haiwezekani kudaiwa siku saba. Gawa salio la ujira unaodaiwa kwa ujira wa siku moja. Likizidi siku za kipindi chako cha malipo, kuna deni la kale lililokwama humo.

Wahasibu wengi huzuia kosa hili kwa kugeuza ingizo tarehe 1 Januari, asubuhi kabla ya kazi nyingine: debiti ujira unaodaiwa 400,000, krediti gharama ya ujira 400,000. Deni linafutika, na akaunti ya gharama inaanza mwaka ikiwa na krediti ya 400,000, jambo linaloshtua kulitazama. Subiri hadi Jumamosi. Karani akiandika 1,200,000 yake kwenye gharama kama alivyozoea, ile krediti itapunguza hadi 800,000, ambazo ndizo siku nne za Januari. Naupenda utaratibu huu kwa sababu haumtaki karani akumbuke chochote. Programu nyingi za hesabu hukuruhusu kuweka ingizo la namna hii lijigeuze lenyewe siku ya kwanza ya kipindi kipya.

Pango la bekari yetu lisigeuzwe kwa kufuata mkumbo. Ukihamisha zile 4,500,000 zote kurudi kwenye gharama tarehe 1 Januari, mwezi mmoja utabeba pango la miezi tisa, na hesabu ya kila mwezi itakuwa haina maana. Kinachotakiwa ni kuhamisha 500,000 mwisho wa kila mwezi, hadi akaunti ifike sifuri tarehe 30 Septemba 2025. Uhakiki wake ni mwepesi: miezi iliyobaki kwenye mkataba, mara 500,000. Mwisho wa Machi lazima akaunti isome 3,000,000. Ikisoma vinginevyo, kuna mwezi uliorukwa.

Namba hizi hupata uzito wake wote siku biashara inapouzwa. Tuseme mwenye bekari aliiuza usiku ule wa 31 Desemba, na mwenye nyumba akakubali mkataba uhamie kwa mnunuzi. Mnunuzi anapata miezi tisa ya jengo iliyokwisha kulipiwa, na muuzaji ana haki ya kudai 4,500,000 juu ya bei ya tanuri na meza. Papo hapo mnunuzi atakabiliwa na watu wanane Jumamosi ya tarehe 4 wakitaka ujira wa siku mbili walizomfanyia kazi mtu mwingine. Pasipo ingizo la ujira unaodaiwa, muuzaji ataondoka na 400,000 za watu hao, na mnunuzi atabisha kwamba hazimhusu. Wakati huo wanaobaki mlangoni bila chao ni waoka mikate.

Ukiletewa hesabu za mwisho wa mwaka uzitie saini, omba kwanza mkataba wa pango na kitabu cha mahudhurio cha wiki ya mwisho, uviweke kando ya mizania. Kama huoni pango lililolipwa kabla wala ujira unaodaiwa, na unajua uliwalipa wafanyakazi siku kadhaa kabla ya kufunga, zirudishe.